Je, wajua kwa nini breka nzima inaweza kukataa kukata umeme?

"Waya wa laivu umegusa bodi ya friji, ethi ipo, na breka ni mpya. Kwa nini haikukata?"

Kwa sababu mkondo uliopita ulikuwa mdogo mno. Breka haijui kwamba bodi ya friji ina umeme. Inachohisi ni ampea tu.

Laivu inapogusa bodi, mkondo hutoka kwenye transfoma, hupita waya wa laivu hadi kwenye friji, hushuka kwa waya wa ethi hadi kwenye rodi iliyopigwa ardhini, kisha hurudi transfoma. Kizuizi cha mzunguko huo wote huitwa Zs, na hupimwa kwa omu. Kama nyumba inategemea rodi yake pekee, mkondo hulazimika kurudi kupitia udongo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Tuseme rodi ya nyumba ina omu 40, na njia iliyobaki, pamoja na ethi ya transfoma, ina omu 6. Gawanya volti 230 kwa 46, unapata ampea 5. Kwa breka ya B32, yaani ya ampea 32, hizo ni sawa na matumizi ya kawaida, haitakata hata baada ya siku nzima. Wakati huo bodi ya friji ina volti 200, yaani ampea 5 mara omu 40 za rodi.

Ili B32 ikate papo hapo, inahitaji mara tano ya 32, yaani ampea 160. Kwa hiyo Zs isizidi 230 ÷ 160, takriban omu 1.44. Mafundi makini hutaka kipimo kiwe chini zaidi, karibu 1.1, kwa kuwa waya hupimwa ukiwa baridi na kizuizi chake hupanda ukipata joto. Kuongeza rodi ya pili hakutakufikisha huko. C32 ni ngumu zaidi: inaweza kudai hadi ampea 320.

Kanuni ya kimataifa ya IEC 60364 inataka umeme wa soketi kama hiyo ya friji ukatwe ndani ya sekunde 0.2 pale ethi inapotegemea rodi. Penye waya wa ethi unaorudi moja kwa moja transfoma, ni 0.4. Kwa nyumba ya rodi, kifaa cha kutimiza hilo ni RCD ya miliampea 30, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ampea 5 zinazopotelea ardhini huifanya ikate ndani ya takriban sekunde 0.04.

Fundi apime Zs kwenye soketi ya mwisho, kwa mita ya kitanzi cha ethi iliyowekwa kwenye kipimo kisichoangusha RCD. Mita ya kawaida ikilia kati ya friji na rodi, imethibitisha waya tu, haijagusa udongo. Vivyo hivyo kitufe cha majaribio cha RCD: hupitisha mkondo ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo kitakata vizuri hata kama waya wa ethi umekatika.