Kabla hujabadili kasi ya video: maelezo kwa wanaowasilisha filamu fupi za pwani

Tangu tulipoanza kupokea filamu fupi kuhusu maisha ya ufukweni, malalamiko mengi yanayofika kitengo chetu cha uhakiki yanafanana: "Video yangu ni safi, mbona imerudishwa?" Mara nyingi tatizo si usafi wa picha, ni kasi.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayorekodiwa zaidi. Bahari yetu huchukua takriban saa 6 kutoka maji kupwa hadi maji kujaa. Ukisimama ufukweni huoni yakipanda. Unashtukia tu kwamba palipokuwa pakavu pana maji. Taimulapsi, yaani picha zinazopigwa moja moja kwa kuachiana muda kisha kuoneshwa mfululizo, ndiyo inayofaa hapa. Tuseme unataka sekunde 20 za filamu yenye fremu 25 kwa sekunde. Unahitaji picha 500. Saa 6 ni sekunde 21,600; gawanya kwa 500, utapata picha moja kila baada ya sekunde 43 hivi. Simu ifungwe mahali pasipotikisika, na mwanga ufungwe usijirekebishe wenyewe, la sivyo filamu itapepesa kila wingu linapopita. Ila usiufunge kama unarekodi hadi magharibi, maana nusu ya mwisho itakuwa giza tupu.

Ukiitazama filamu hiyo utaona jambo ambalo macho hayalioni: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza taratibu, hushika kasi katikati, kisha hupoa tena. Kwa kanuni ya mabaharia, karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya 3 na ya 4. Utaona pia yakipita kwanza kwenye mikondo na kulizunguka fungu la mchanga kabla ya kulifunika. Mtu aliyesimama juu ya fungu bado ana miguu mikavu, lakini njia ya kurudi nchi kavu imeshajaa maji nyuma yake. Hiyo ni hadithi kamili, na kwa kasi ya kawaida isingesimulika.

Slomosheni hufanya kinyume chake. Chukua mvuvi anayetupa kimia. Wavu hukaa hewani kama sekunde moja na nusu, na mtazamaji huona duara tu likitua. Ukirekodi kwa fremu 240 kwa sekunde na kuonesha kwa fremu 24, sekunde hiyo na nusu inakuwa sekunde 15. Sasa unaona kiwiliwili kikizunguka kabla ya mkono, na risasi za ukingoni zikitangulia kukimbilia nje na kuuvuta wavu ufunguke. Ufundi wa mvuvi unaonekana ulipo.

Hapa niseme wazi, maana tumeshaeleza mara nyingi: huwezi kurekodi kwa fremu 30 kisha ukaomba programu ikutolee slomosheni. Kati ya fremu moja na nyingine hakuna kilichorekodiwa. Programu itarudia fremu zilezile, au itabuni za kuziba pengo, na nyuzi za kimia zitayeyuka kama uji. Kasi huchaguliwa kabla ya kurekodi. Na kurekodi fremu 240 kunataka jua la kutosha. Ndani ya nyumba, taa za umeme zitawakawaka kwenye picha ingawa macho huona zimetulia.

Kuna suala zito zaidi. Slomosheni huonesha vizuri kitu kilipogusa, lakini hupotosha nia ya mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la PNAS la Marekani ulionesha kwamba watu waliotazama tendo la ukatili kwa mwendo wa polepole waliona mtendaji amekusudia zaidi kuliko waliolitazama kwa kasi ya kawaida. Kuweka saa kwenye picha kulipunguza kosa hilo, hakukuliondoa. Ndiyo maana mwongozo wa VAR katika soka huelekeza slomosheni itumike kwa mambo kama mahali mguu ulipogusa, na uzito wa rafu upimwe kwa kasi ya kawaida. Wavuvi wawili wakisukumana mnadani na ukapunguza kasi, msukumo wa hasira ya ghafla utaonekana kama shambulio lililopangwa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwenye fomu, andika kila kipande kilichobadilishwa kasi, kinapoanza na kinapoishia, fremu ulizorekodia na ulizooneshea. Kwa taimulapsi, andika muda kati ya picha na picha. Ambatisha faili asilia. Kipande chenye ugomvi au ajali kioneshwe kwanza kwa kasi ya kawaida, bila kukatwa, ndipo slomosheni ifuate ikiwa na maandishi kwenye skrini. Fomu yenye upungufu hurudishwa mara moja tu ikarekebishwe. Ikirudi na upungufu uleule, filamu huondolewa kwenye awamu hiyo. Aliyeficha mabadiliko ya kasi kwenye kipande cha ugomvi haondolewi filamu tu. Hapokelewi katika awamu inayofuata pia, hata kama filamu hiyo mpya haina slomosheni yoyote.