Utabiri ulioshindwa unaweza kuwa bado una la kusema

Watu wakiniletea modeli mbili za utabiri, huwa wameshaamua: yenye makosa madogo ibaki, nyingine itupwe. Mimi huomba kwanza makosa yenyewe, siku kwa siku, tena ya siku ambazo modeli hazikuziona zilipokuwa zikifunzwa.

Tuseme tunatabiri mahitaji ya umeme ya kesho. Kosa la kawaida la A ni megawati 20, la B ni 30, na hakuna inayoegemea juu wala chini. Nikizichanganya kwa kuipa B uzito λ na A uzito 1 − λ, je, λ iliyo bora ni sifuri? Kama ni sifuri, A imeimeza B: chochote B inachokijua, A tayari inakijua. Kuipima ni kazi ya mstari mmoja wa R, ambapo `e1` ni kosa la A (kilichotokea kutoa kilichotabiriwa) na `e2` ni la B:

```r
summary(lm(e1 ~ 0 + I(e1 - e2)))
```

Mgawo unaotoka ndio λ.

Hapa ukubwa wa makosa hautoshi kuamua; kuna pia kiasi ambacho modeli hizi hukosea pamoja. Uhusiano wa makosa yao ukiwa 0.3, λ ni (400 − 180) / (1300 − 360), yaani 0.23, na kosa la mchanganyiko hushuka hadi megawati 18.7 hivi. B iliyoshindwa imemsaidia mshindi! Uhusiano ukipanda hadi 0.67, ambao ni 20 kugawa kwa 30, λ inakuwa sifuri kamili. Ukipita hapo inageuka hasi, na kwa kuwa sipendi kuipa modeli uzito hasi, mimi hupima upande wa chanya tu.

Sasa idadi ya siku. Kwa siku 40, λ hiyo ya 0.23 inatoa t ya 2.4, na sifuri inakataliwa. Kwa siku 12, λ ileile inatoa 1.3 tu, chini ya 1.8 inayohitajika kwa kiwango cha asilimia 5. Wengi hapo huandika kwamba B haina kitu, kumbe data ndiyo iliyokuwa chache.

Ukitabiri siku 7 mbele, makosa yanayofuatana hushirikiana siku, na t ya kawaida hujisifu kupita kiasi. Hapo mimi hufuata Harvey, Leybourne na Newbold (1998): napima kama wastani wa `e1 * (e1 - e2)` unazidi sifuri, huku kosa sanifu likizingatia kufuatana huko. Lakini kama B ni A ileile iliyoongezewa vigezo, hata jedwali la t halifai; tumia viwango vya Clark na McCracken (2001).