Kiasi nafuu cha kuagiza na akiba ya tahadhari: hesabu ya dumu la mafuta Tandika

Mwenye duka la jumla anayeuza bidhaa inayotoka haraka ana maswali mawili yasiyoisha: niagize kiasi gani, na niagize lini. Swali la kwanza hujibiwa na kiasi nafuu cha kuagiza. La pili hujibiwa na kiwango cha kuagiza tena, ambacho ndani yake kuna akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada unaokaa stoo kwa ajili ya siku ambazo mambo hayaendi kama ulivyopanga. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakadhani kuagiza mzigo mkubwa ndiyo kinga ya kuishiwa. Kila moja lina hesabu yake.

Tuchukue duka la jumla la Tandika, Dar es Salaam, linalouza mafuta ya kula kwa madumu ya lita 20. Kwa wastani yanatoka madumu 12 kwa siku, na duka hufunguliwa siku 300 kwa mwaka, kwa hiyo mauzo ya mwaka ni madumu 3,600. Msambazaji ana ghala Barabara ya Nyerere na huleta mzigo kwa gari lake. Tuseme nauli ni shilingi 50,000 kwa safari, iwe gari limejaa au nusu, na kufuatilia oda na kupokea mzigo kunakula 10,000 nyingine. Basi kila oda inagharimu 60,000. Wabeba mizigo wanaolipwa kwa dumu usiwaweke hapa, maana malipo yao kwa mwaka ni yaleyale hata ukigawa oda mara ngapi.

Upande wa pili ni gharama ya kukaa na mzigo. Dumu tuliwekee bei ya kununulia ya shilingi 100,000. Ukijumlisha gharama ya mtaji uliolala, sehemu ya kodi ya stoo na madumu yanayovuja, tuseme kila dumu likikaa mwaka mzima linakula 24,000. Ukiagiza kidogo kidogo, nauli inakumaliza. Ukiagiza kwa wingi, mtaji unalala. Kanuni ya kutafuta kati yake ilichapishwa mwaka 1913 na Mmarekani Ford Whitman Harris:

```
Q = SQRT(2*D*S/H)
  = SQRT(2*3600*60000/24000) = 134
```

D ni mauzo ya mwaka, S ni gharama ya oda moja, H ni gharama ya kukaa na dumu moja kwa mwaka. Madumu 134 ni mzigo wa siku kama 11, na oda zitakuwa takriban 27 kwa mwaka. Gharama za oda na za stoo kwa pamoja zinafika kama shilingi milioni 3.22.

Usiing'ang'anie hiyo 134. Ukiagiza 200, gharama inapanda hadi milioni 3.48, tofauti ya kama asilimia 8 tu. Lakini ukiagiza 50 kila mara, inafika milioni 4.92. Kuzidisha hakuumizi kama kupunguza mno, kwa hiyo ukikadiria nauli au gharama ya stoo vibaya kidogo, jibu bado litakufaa. Mimi ningezungusha hadi idadi inayopakiwa vizuri kwenye gari na kuendelea na kazi.

Sasa lini. Kama mzigo unachukua siku 4 za kazi kufika, katika siku hizo utauza madumu 48. Ukiagiza yakibaki 48 kamili, utaishiwa karibu nusu ya mara zote, kwa sababu wateja hawaji sawa kila siku na gari haliji sawa kila safari. Hapo ndipo akiba ya tahadhari inapohitajika, na inataka vipimo viwili vya kuyumba.

Cha kwanza ni mauzo ya siku. Chukua daftari la miezi miwili au mitatu, uyaweke kwenye Excel na utumie `STDEV.S`. Jibu lake ni mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho siku ya kawaida hupishana na wastani. Hapa tuseme ni madumu 4. Cha pili ni siku za kusubiri mzigo, na hiki ndicho wengi hawakiandiki kabisa. Tuseme oda kumi za mwisho zilichukua siku 3, 2, 3, 7, 3, 4, 3, 8, 3 na 4. Wastani ni 4, mkengeuko ni karibu 2. Ukitaka mizunguko 95 kati ya 100 ipite bila kuishiwa, kizidishio ni 1.65:

```
=1.65*SQRT(4*4^2 + 12^2*2^2)
```

Ndani ya mabano, 4 ya kwanza ni wastani wa siku za kusubiri, 4^2 ni mkengeuko wa mauzo ya siku kwa kipeo cha pili, 12 ni wastani wa mauzo ya siku, na 2 ni mkengeuko wa siku za kusubiri. Jibu ni 41.7, yaani madumu 42. Kiwango cha kuagiza tena ni 48 jumlisha 42, sawa na 90. Stoo ikifika 90, piga simu. Kwa oda 27 kwa mwaka, bado tegemea kuishiwa mara moja hivi.

Angalia ndani ya mabano. Kuyumba kwa wateja kumeleta 64. Kuyumba kwa msambazaji kumeleta 576. Gari lingekuja siku ya 4 bila kukosa, akiba ingekuwa madumu 14 tu. Sehemu kubwa ya mtaji unaolala kwenye akiba hapo Tandika umelazwa na msambazaji, na mwenye duka anayetazama mauzo peke yake hataliona hilo.

Kuna makosa mawili yanayoharibu hesabu hii kimyakimya. Siku ambayo mafuta yaliisha saa tano asubuhi, daftari litaonyesha mauzo ya madumu 5, wakati waliotaka walikuwa wengi zaidi. Weka alama kwenye siku hizo na uzitoe kwenye hesabu, la sivyo wastani utashuka nawe utaishiwa tena. Pia usichanganye Ramadhani na miezi mingine. Mauzo yakibadilika kwa msimu, wastani wa mwaka mzima hauelezi msimu wowote. Mwezi huo upigie hesabu yake.

Kanuni ya akiba ya tahadhari nayo ina mpaka. Inachukulia kwamba siku za kusubiri zinatawanyika vizuri pande zote mbili za wastani. Zitazame tena zile kumi: nane ziko kati ya 2 na 4, halafu zimesimama peke yake 7 na 8. Hapo ni vizuri kuandika pia siku oda ilipotolewa. Tuseme hizo mbili zilipigiwa simu Ijumaa, wakati msambazaji hufunga ratiba ya magari ya wiki inayofuata Alhamisi jioni. Basi zilichelewa kwa sababu inayojulikana. Oda mbili ni ushahidi mdogo, kwa hiyo muulize msambazaji mwenyewe. Akithibitisha, na ukawa unaagiza kabla ya Alhamisi jioni, zinabaki zile nane: wastani siku 3.1, mkengeuko karibu 0.64. Akiba inashuka hadi madumu 18 na kiwango cha kuagiza tena hadi 55 au 56. Kutoka 42 hadi 18 ni madumu 24, yaani shilingi milioni 2.4 zinazotoka stoo. Kiasi fulani chake utakirudisha, kwa sababu stoo ikifika 56 siku ya Ijumaa utakuwa umechelewa. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana hesabu madumu, na kama yaliyobaki hayatakufikisha Jumatatu bila kushuka chini ya 56, agiza siku hiyohiyo.