"Sijawahi kudaiwa" si rekodi: yanayosemwa Mwaloni kuhusu mikopo

Nilipokuwa afisa mikopo hapa Mwanza, maneno niliyoyasikia kuliko yote kutoka kwa wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, yalikuwa haya: "Kijana wangu, mimi sijawahi kudaiwa na mtu." Walikuwa wakiyasema kwa fahari, na mtaani kweli ni sifa. Kwenye dawati la mkopo hayakunisaidia hata kidogo.

Dhana: Asiyewahi kukopa ana jina safi.

Jina lake si safi wala si chafu, halipo tu. Benki inapokutafuta kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, inataka kujua mambo machache: ulikopa kiasi gani, rejesho lilitakiwa lini, na ulilipa siku ngapi baada ya hapo. Miaka kumi ya kuanika dagaa haimo humo, na akiba yako chini ya godoro haimo. Skrini inarudi tupu, afisa anabaki kukisia, na mtu anayekisia hujilinda: anakupa kidogo, anataka hati ya kiwanja, au anakwambia urudi mwezi ujao.

Dhana: Kikoba ni mambo ya akina mama, benki haikitazami.

Ni kweli kwamba kikoba chako hakipeleki chochote kwenye kampuni hizo chenyewe. Lakini kwa mtu anayeanza na sifuri, leja ya kikoba mara nyingi ndiyo karatasi pekee inayoonyesha kwamba aliwahi kupewa fedha za wenzake akazirudisha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo kikundi chenye cheti si porojo tena.

Wengi walikuwa wakinionyesha hisa zao. Mimi nilikuwa nafunua ukurasa wa mikopo. Mikopo mitatu ya laki moja, laki mbili na laki tatu, kila mmoja na tarehe ya kuchukua, tarehe ya mwisho na tarehe ya kulipa, ilinishawishi kuliko mkopo mmoja wa milioni ambao mbele yake pameandikwa "amelipa" basi. Mwombe mweka hazina wenu aandike tarehe kuanzia kikao kijacho. Ukiweza, lipa kwa simu badala ya taslimu, ili muamala uliomo kwenye simu ufanane na mstari wa leja.

Hapo kuna mtego mmoja. Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Nilimpata mama mmoja aliyepitisha fedha zake zote za dagaa kwenye laini ya kaka yake kwa miaka, na miamala yote ilikuwa ya kaka. Piga `*106#` uangalie usajili. Kama si jina lako, sajili laini yako kwa namba yako ya NIDA na uhamie huko kabla ya kuomba chochote.

Dhana: Anayechelewesha rejesho ni mzembe.

Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu hata sisi maofisa tuliliamini. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi unapokuwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi inafungwa, na kwa siku kumi hivi Mwaloni panapoa. Ratiba ya mkopo haijui hayo. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara.

Dada mmoja alichukua 600,000 kwa miezi sita. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote, kwa hiyo rejesho lilikuwa 118,000 kila tarehe 5. Mwezi wa kwanza giza liliisha kama tarehe 1, akauza, tarehe 5 akalipa bila shida. Lakini mwezi wa angani unarudi kila baada ya siku 29 na nusu, ilhali mwezi wa kalenda una siku 30 au 31, hivyo giza huwahi kwa karibu siku moja kila mwezi. Kufika rejesho la tano, giza lilikuwa limeisha tarehe 27 hivi. Kutoka hapo mpaka tarehe 5 ni siku nane za kula bila kuvuna, na ada ya mtoto ikaingia katikati. Akachelewa siku nne. La sita, siku sita. Alilipa kila shilingi, ila taarifa yake ikabaki na ucheleweshaji mara mbili, na anayesoma taarifa hiyo haoni mwezi angani, anaona siku tu.

Mkopo wa pili tulifanya tofauti. Kila siku ya giza alitenga shilingi 6,000 kabla ya kununua hata chumvi. Siku ishirini ni 120,000, rejesho zima na chenji ya makato. Hakukaa nazo. Jioni ileile alizipeleka kwenye akaunti ambayo mkopo unakatwa. Tarehe ya rejesho nayo tuliisogeza karibu na mwisho wa giza, kwa kuwa safari hii aliiomba mwenyewe siku ya kujaza fomu. Baada ya kusaini ni vigumu kubadilisha. Kama mkopo wenu ni wa kikundi na mnarejesha kila wiki, hesabu ni ileile: rejesho moja au mawili kati ya manne yataangukia mbalamwezi, kwa hiyo wiki za giza zinapaswa kuyabeba.

Masika ni jambo jingine. Dagaa wakinyeshewa kwenye chanja bei inashuka wakawa wa chakula cha kuku. Usianze mkopo wako wa kwanza msimu huo.

Dhana: Ukishaaminiwa, riba ni riba tu.

Rekodi nzuri inakupa nafasi ya kuuliza swali moja: riba inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki? Kwa yule dada, asilimia 3 juu ya mkopo wote ilikuwa 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Angekuwa anapunguza 100,000 kila mwezi na riba ikapigwa juu ya kinachobaki, angelipa 18,000, kisha 15,000, 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000. Jumla ni 63,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 45,000. Mkopeshaji wa kausha damu hukasirika ukimuuliza swali hili, na hasira yake inatosha kuwa jibu.

Dhana: Ukimaliza kulipa, umemaliza.

Ulipolipa la mwisho, omba barua ya kumaliza deni, kisha baada ya muda uombe taarifa yako mwenyewe ya mikopo. Ni haki yako kuiona na kupinga kilichokosewa. Dada yule alipoiomba, mkopo wake wa pili ulikuwa bado unasomeka kama deni linaloendelea, karibu miezi miwili baada ya kulipa rejesho la mwisho. Mtu fulani ofisini alisahau kuufunga. Alipeleka nakala ya barua, ukafungwa, na ndipo alipokwenda kuomba wa tatu.