Guaya: mvuke wake haupoozeshi miguu

"Msikae karibu na chungu cha guaya! Mvuke wake, au kupita shambani mwake, unapoozesha miguu. Sambaza."

Imani hii ni ya zamani Ethiopia, ambako guaya, jamii ya njegere, hulimwa sana. Ugonjwa wenyewe ni wa kweli: miguu hukakamaa, mtu hutembea kwa ncha za vidole, na haponi. Lakini sumu yake, ODAP, imo ndani ya punje na humdhuru anayezila. Mlo mmoja hauleti ugonjwa huu. Hatari huja guaya ikiwa ndiyo chakula kikuu, kila siku, kwa miezi kadhaa.

Ukitaka kuhakiki, uliza wagonjwa waliugua lini. Mara nyingi ni baada ya ukame, nafaka zilipokwisha ghalani. Guaya huvumilia kiu mimea mingine ikikauka, kwa hiyo maskini hubaki nayo peke yake. Wengi wanaijua hatari hiyo. Njaa haiwaachii chaguo. Na kwa kuwa huwa wanaipika kila siku wakati huohuo, ni rahisi kuulaumu mvuke.

Ujumbe huu tusiusambaze, maana unamwogofya mpishi na kumwacha mlaji bila onyo. Kinachosaidia ni kuloweka punje usiku kucha kwa maji mengi, kuyamwaga, kuchemsha kwa maji mapya na kuyamwaga pia, kisha kuchanganya na nafaka. Sumu hupungua, haiishi. Na kwa macho au ulimi huwezi kujua imebaki kiasi gani.