Mrija mmoja, maneno matatu kwenye karatasi ya ruhusa

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja kliniki, anatokea Mbagala, na karatasi aliyoikunja mara nne. Miezi mitano nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa dharura, mimba ilitunga nje ya kizazi. Karatasi ya ruhusa iliandikwa mstari mmoja tu: *Laparotomy + left salpingectomy*. Hakuna aliyemfafanulia. Nyumbani wifi yake aliwahi kusikia kwamba neno likiishia na *ectomy* basi kuna kitu kimetolewa, na jibu likapatikana papo hapo: umetolewa kizazi. Tangu siku hiyo mumewe na yeye hawakuongelea tena habari ya mtoto.

Nilimuuliza kwanza, "Dada, hedhi unaipata?" Akasema anaipata, kila mwezi. Basi kizazi kipo, nikamwambia, na tukaanza kuisoma karatasi pamoja.

Wifi hakukosea mwisho wa neno. Alikosea mwanzo wake. *Ectomy* ni kukata na kutoa, lakini kilichotolewa kinatajwa mbele: *salping* ni mrija wa uzazi, ule unaopokea yai kutoka kwenye ovari na kulipeleka kwenye kizazi. Kizazi kingetolewa, karatasi ingesema *hysterectomy*. Na lile neno dogo *left* ndilo lililobeba habari njema, kwa sababu lilimaanisha mrija wa kushoto peke yake. Wa kulia umebaki, na ovari zote mbili zimebaki, maana hazikutajwa. Watu wengi hawajui kwamba mrija wa kulia unaweza hata kudaka yai lililotoka ovari ya kushoto.

Lile neno la kwanza, *laparotomy*, lilimtisha zaidi kwa sababu ni refu na limetangulia. *Otomy* ni kupasua ili kuingia, basi. Hapa tumbo lilifunguliwa ili daktari afike ndani, kisha likashonwa. Neno hilo peke yake halisemi kwamba kuna kiungo kilichotoka.

Ukitaka kuona tofauti ilivyo kubwa, weka miisho hiyo miwili kwenye mrija huohuo. Mimba ya nje ikigundulika mapema, kabla mrija haujapasuka, daktari anaweza kuuchana kidogo, akaitoa mimba na kuuacha mrija mahali pake. Hiyo ni *salpingotomy*. Inapendeza kusikia, lakini ina sharti lake: chembe za mimba zinaweza kubaki ndani na kuendelea kukua, hivyo mgonjwa hurudi kupimwa homoni ya mimba kwenye damu, kwa kawaida kila wiki, mpaka isionekane kabisa. Aliyeandikiwa neno hilo akaona amepona na asirudi yuko hatarini. Maumivu ya tumbo au kizunguzungu katika wiki hizo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa mgonjwa wangu nafasi hiyo haikuwepo. Alifika mrija umeshapasuka na damu imejaa tumboni, na hapo kuutoa ndiko kunakookoa maisha.

Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: kwa nini mimba ilikwama kule? Katika daftari lake la zamani nilikuta neno la tatu, *salpingitis*, la miaka minne nyuma. *Itis* ni kuvimba: sehemu imewaka, ina joto na maumivu. Halisemi kimetolewa kitu wala kimepasuliwa kitu. Tena, na hapa ndipo watu hukosea sana, halisemi nini kimesababisha. Mama aliyekoma hedhi anaweza kuandikiwa *vaginitis* kwa sababu homoni zimepungua na ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, na antibayotiki alizonunua duka la dawa zisimsaidie chochote. Kwenye mirija, lakini, mara nyingi chanzo ni vijidudu, klamidia au kisonono. Yeye alikunywa dawa siku tatu, maumivu yakatulia, akaacha. Mumewe hakutibiwa. Uvimbe wa namna hiyo huacha makovu ndani ya mrija, njia inakuwa nyembamba, na yai lililorutubishwa linanasa hapo. Siwezi kuapa kwamba kwake ndivyo ilivyokuwa, ila ndiyo sababu tunayoikuta mara nyingi.

Nilimwandikia picha ya eksirei ya mirija, inayopigwa kwa dawa maalumu, ili tuone kama wa kulia unapitisha. Nikamwambia pia kwamba aliyewahi kupata mimba ya nje anaweza kuipata tena, takriban mmoja kati ya kumi, kwa hiyo siku hedhi ikichelewa apime mimba, na kwenye wiki ya sita aje tupige ultrasaundi tuone imekaa wapi.

Alitoa kalamu kwenye mkoba, akaizungushia duara *left*, kisha akampigia mumewe simu akiwa bado amekaa mbele yangu.