Betri inaisha nusu ya njia, muuzaji anasema ni kuran: dhana potofu kuhusu barua ya malalamiko

Mwezi wa nne mwaka 2025 mama mmoja mwenye duka la fotokopi huko Katuba, Lubumbashi, aliniletea bahasha. Ndani yake mlikuwa na fakitire, karatasi ya kupokelea mali, na barua ya kurasa tatu aliyoandikiwa na kijana wa jirani. Alikuwa amenunua betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 kwa dola 1,150. Kuran, yaani umeme wa mji, ikikatika, betri ilipaswa kubeba duka mchana mzima. Haikuwa ikidumu hata muda wa saa tatu.

Barua ilikuwa na hasira nyingi na Kifaransa kizito. Haikuwa na namba ya fakitire, wala namba ya betri yenyewe, wala tarehe hata moja. Tukakaa mezani kuiandika upya, na kila tulipofika kwenye jambo gumu alikuwa na neno alilokwisha kusikia sokoni. Mengi ya maneno hayo si kweli.

“Fakitire imeandikwa: mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi”

Sentensi hii iko chini ya fakitire karibu zote za mjini, na watu wakiiona hukunja mikono. Inamhusu mnunuzi aliyebadili mawazo: umechukua nyekundu, leo unataka nyeusi. Haifuti wajibu wa muuzaji juu ya kasoro iliyojificha, ile ambayo usingeweza kuiona siku ya kununua na ambayo inafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Wajibu huo umo katika sheria yetu ya mikataba tangu dekreti ya 30 Julai 1888, na unambana muuzaji hata kama yeye mwenyewe hakuijua kasoro.

Fakitire iliyoandikwa waziwazi “inauzwa bila garanti” ni hadithi nyingine. Hapo mnunuzi yuko pabaya, isipokuwa aonyeshe kwamba muuzaji alijua kasoro akanyamaza. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, geuza fakitire usome na nyuma.

“Mimi si kiwanda, andikeni kwa waliotengeneza”

Betri ilipita mpaka wa Kasumbalesa kama mali nyingi zinazoingia Lubumbashi, na muuzaji alimwambia mama asubiri jibu la kiwanda. Lakini mama hakununua kwa kiwanda. Mkataba wake ni na yule aliyepokea dola 1,150 akapiga muhuri. Yeye na kiwanda watamalizana wenyewe.

“Mwezi umepita, umechelewa”

Hapa kuna ukweli nusu, na ndio unaopoteza watu. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na uuzaji kati ya wafanyabiashara unaongozwa na sheria yake ya pamoja ya biashara, iliyopitishwa upya 15 Desemba 2010. Inatenga kasoro za aina mbili. Ile inayoonekana siku ya kupokea, kama kioo kilichopasuka au waya uliokosekana, unapaswa kumjulisha muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Ile iliyojificha una mwaka mmoja. Mwezi ule unahesabiwa tangu ulipopokea mali, wala si tangu ulipolipa. Ukipitisha muda bila kumjulisha, haki imekwenda.

Mama alipokea betri 14 Machi. Tulikuwa tumeshavuka mwezi, kwa hiyo barua ilibidi ionyeshe wazi kwamba kasoro hii haionekani kwa macho. Duka lake lina RCCM, yaani limeandikishwa kwenye rejista ya biashara, naye alinunua kwa ajili ya duka, ndiyo maana sheria hii inamhusu. Mtu aliyenunua kwa ajili ya nyumba yake haingii humo. Anabaki na ile ya 1888, ambayo haitaji miezi, inasema tu adai ndani ya muda mfupi. Huyo asingoje hata wiki.

“Nimeshapiga simu mara kumi, anajua”

Anajua, lakini siku akikana utaonyesha nini? Kinachohesabiwa ni siku ambayo kuna alama kwamba alijulishwa. Chapa nakala mbili. Moja inabaki kwake, nyingine inarudi nawe ikiwa na tarehe, jina la aliyepokea, saini na muhuri: ndiyo akize de resepsio. Akikataa kusaini, mjumbe wa mahakama anaweza kuipeleka kwa malipo. Picha ya barua kwenye WhatsApp ni nyongeza nzuri, isiwe ndiyo peke yake.

Na aliyepoteza fakitire asikate tamaa. Kati ya wafanyabiashara uuzaji unathibitishwa kwa njia yoyote, hata kwa mashahidi. Ujumbe wa M-Pesa wenye kiasi na tarehe, karatasi ya kupokelea mali, picha ya namba ya betri siku ya kufunga, vyote vinasema.

“Ni kuran ya mji iliyoua betri”

Neno hili ndilo linalomaliza malalamiko mengi ya Lubumbashi, kwa sababu kila mtu ameona kuran ikipanda na kushuka. Muuzaji akilitamka, mteja anainamisha kichwa. Barua haiwezi kulijibu kwa kuapa, inahitaji vipimo, na vipimo vyenyewe si vigumu.

Betri ya namna hii haigusi kuran ya mji moja kwa moja. Mbele yake iko inverta, na kuran mbaya ikileta balaa kwa kawaida inaanza na hiyo. Ya mama ilikuwa nzima. Ndani ya betri mna seli 16 zilizofungwa mfululizo, kila moja ya volti 3.2, na saketi ya ulinzi inayoitwa BMS inayozichunga moja moja. Seli moja tu ikishuka hadi volti 2.5 hivi, BMS inakata yote, hata kama zile 15 bado zimeshiba. Yaani betri ina nguvu ya seli yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Fundi alijaza betri kabisa, akazima mengine yote, akawasha glopu 8 za wati 100, zile za zamani zenye waya, kwa sababu zinakula kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Hesabu yake: volti 51.2 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 5,120. Ondoa sehemu ya kumi ambayo haifai kukamuliwa, kisha sehemu ya kumi inayopotea ndani ya inverta, zinabaki kama 4,100. Gawa kwa wati 800, unapata saa tano na kidogo. Betri ilizima baada ya saa 2 na dakika 35.

Muuzaji angeweza kusema inverta imepangwa vibaya, inakata mapema. Fundi akaangalia: imepangwa kukata kwenye volti 46. Kwenye simu iliyounganishwa na betri ilionekana kwamba dakika ya kuzima betri nzima ilikuwa bado na volti 50.8. Seli ya 11 ilikuwa 2.5, wenzake wote karibu 3.22. Basi aliyekata si inverta, ni BMS, na alikata kwa ajili ya seli moja.

Bado kulikuwa na mlango wa kutorokea. Seli zinaweza kupishana tu kwa sababu betri ilikaa muda mrefu njiani, na hiyo si kasoro, inatibika kwa kuiacha kwenye chaji iliyojaa siku kadhaa zikasawazika. Tukaiacha wiki nzima kisha tukarudia. Saa 2 na dakika 40, seli ileile ya 11. Na kifuniko hakikufunguliwa hata kidogo. Ukivunja lakiri umempa muuzaji sababu ya bure.

“Omba yote, atakupa nusu”

Barua ya kwanza ilidai betri mpya, pesa zirudi, na dola 3,000 za hasara ambazo hazikuhesabiwa popote. Muuzaji anayesoma hivyo anajibu lile dogo lisilo na ushahidi na kuliacha lile kubwa. Tuliomba kitu kimoja, na cha pili endapo cha kwanza kimeshindikana, kila kimoja na tarehe ya kalenda. “Haraka iwezekanavyo” haina siku ya kuisha.

Wengine wanadhani lazima iwe Kifaransa cha wakili. Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na jambo likifika mahakamani utakihitaji, lakini muuzaji huyu anauza kwa Kiswahili kutwa. Tuliandika hivi, na Kifaransa chepesi upande wa pili wa karatasi:

> Lubumbashi, 6 Mei 2025
>
> Kwa Bwana Meneja
>
> Jambo: Kasoro ya betri, fakitire namba 0417 ya 12 Machi 2025
>
> Bwana Meneja,
>
> Tarehe 12 Machi 2025 nilinunua kwenu betri moja ya lithiamu, volti 51.2, ampea-saa 100, kwa dola 1,150 zilizolipwa zote. Niliipokea 14 Machi. Namba yake iko kwenye picha ya kwanza.
>
> Tarehe 19 na 26 Aprili ilipimwa kwa mzigo wa wati 800 ikiwa imejaa. Ilizima baada ya saa 2 na dakika 35, kisha saa 2 na dakika 40, badala ya saa tano. Mara zote mbili seli ya 11 ilikuwa volti 2.5 na nyingine karibu 3.22. Inverta imepangwa kukata kwenye volti 46, na betri ilizima ikiwa 50.8. Kasoro hii haikuweza kuonekana siku ya kupokea.
>
> Naomba fundi wenu aje kupima mbele yangu kabla ya 13 Mei, na betri ibadilishwe kabla ya 27 Mei, usafiri ukiwa juu yenu. Isipobadilishwa, naomba dola 1,150 zirudishwe kabla ya 3 Juni. Baada ya hapo nitapeleka jambo hili kwenye mahakama ya biashara ya Lubumbashi.
>
> Nimeambatanisha nakala ya fakitire, karatasi ya kupokelea mali na picha nne.
>
> Wasalaam,

Ukurasa mmoja. Fakitire ya asili ilibaki nyumbani, kwa sababu karatasi ikishaingia kwenye droo ya duka kurudi kwake ni majaliwa.

Fundi wa muuzaji alikuja 12 Mei akiwa na sentensi ya kuran mdomoni. Akawasha glopu, akashika simu, akakaa kwenye kiti cha wateja akingoja. Ilipozima aliangalia seli ya 11 kwa muda, akasema: “Mama, patro nitamweleza mimi.” Betri nyingine ililetwa 23 Mei. Kijana wa gari alitaka saini aondoke, lakini mama alimsimamisha mlangoni mpaka duka lilipopiga simu na kukubali: namba ya betri mpya iandikwe kwenye fakitire 0417, na tarehe ya garanti ianze siku hiyo, kwa muhuri. Bila hivyo angebaki na fakitire ya betri ambayo hana tena.